Kutoka Dhamira hadi Tendo: Uandishi wa Sentensi Kiini na Tamko la Mwongozaji wa Filamu Fupi, kwa Mfano wa Kyambogo

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna ya kuandika matini mbili zinazoambatana na filamu fupi inapowasilishwa kwenye tamasha: sentensi kiini, ambayo watengenezaji filamu huiita loglaini, na tamko la mwongozaji. Inadaiwa kuwa udhaifu mkubwa wa matini hizi kwa Kiswahili unatokana na mazoea ya darasa la fasihi, ambapo mwanafunzi hufunzwa kutaja dhamira na ujumbe kabla ya tendo.

1.0 Utangulizi

Filamu fupi kwa kawaida huhesabiwa kuwa ile isiyozidi dakika 40. Mwongozaji anapoiwasilisha kwenye tamasha, hujaza fomu yenye nafasi ya muhtasari mfupi sana na nafasi ya maelezo yake binafsi. Mteuzi wa tamasha ana filamu nyingi mbele yake. Sentensi kiini humwambia anachokwenda kutazama, na tamko humwambia kwa nini filamu ilitengenezwa jinsi ilivyotengenezwa. Matini hizi hazifanyi kazi moja, na kuzichanganya ndiko kunakozidhoofisha zote mbili.

Ili hoja ionekane kwa ukamilifu, makala inatumia filamu ya kubuni ya dakika 14, yenye jina Mkalimani, iliyowekwa Kyambogo, Kampala. Mazingira hayo yamechaguliwa kwa sababu. Chuo Kikuu cha Kyambogo kiliundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ikiwa ile ya elimu maalumu, na ukalimani wa lugha ya alama hufundishwa hapo. Katika hadithi hii, binti anayesomea ukalimani anaandamana na mama yake kiziwi hospitalini. Daktari anatoa majibu ya kipimo, na baba, anayesikia, anamwomba binti asiyafasiri yote.

2.0 Sentensi Kiini

Jaribio la kwanza la mwandishi aliyelelewa na darasa la fasihi huwa hivi: “Filamu hii inahusu changamoto za viziwi na umuhimu wa lugha ya alama katika jamii.” Sentensi hii ni sanifu, na haisemi uongo. Hata hivyo, inaweza kubandikwa kwenye filamu kumi nyingine bila kubadilishwa neno. Imetaja dhamira, lakini haina mtu, haina anachokitaka mtu huyo, wala haina kinachomzuia.

Jaribio la pili huanguka upande wa pili. Mwandishi husimulia safari ya asubuhi, foleni ya hospitali, kuingia kwa daktari na machozi ya mwisho. Hapo matukio yapo, lakini hakuna linaloyafunga pamoja, na mwisho umekwisha kutolewa kabla filamu haijatazamwa.

Jaribio la tatu linaanza na uamuzi: “Binti anayesomea ukalimani wa lugha ya alama lazima amfasirie mama yake kiziwi majibu ya kipimo cha saratani, huku baba akimsihi ayafiche hadi harusi ya dadake ipite.” Sentensi ina maneno 26. Mhusika ametambulishwa kwa kile anachokisomea, kwa sababu masomo hayo ndiyo yanayombana: mkalimani hapaswi kupunguza wala kuongeza neno. Kizuizi ni baba, tena si mtu mbaya. Harusi inaweka muda. Mteuzi anajua swali la filamu, lakini hajui jibu lake. Dhamira ya haki ya kiziwi kujua hali yake imo ndani ya tendo bila kutajwa.

Kanuni hiyo inaonekana pia katika filamu halisi. Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya ya mwaka 2009, iliyooneshwa kwenye tamasha la Sundance mwaka 2010, inaweza kuelezwa hivi: katika Afrika Mashariki iliyokauka baada ya vita vya maji, mtunza makumbusho anafaulu kuotesha mbegu, na anapokataliwa ruhusa ya kutoka, anatoroka ili akaipande. Neno “mazingira” halikuhitajika.

Sarufi ya Kiswahili inampa mwandishi faida na hatari. Faida ni ufupi. Katika neno “amfasirie” mna mtendaji, mtendewa, kauli ya kutendea na hali ya kutakiwa kutenda. Kwa hiyo kikomo cha maneno kilichowekwa kwa kufikiria Kiingereza humwachia mwandishi wa Kiswahili nafasi zaidi, naye asiijaze kwa vivumishi. Hatari ni kwamba viambishi vya nafsi ya tatu havitofautishi mume na mke. Katika “akimsihi”, je, anayesihiwa ni binti au mama? Hapa muktadha unasaidia, kwa kuwa binti ndiye mwenye habari ya kuficha. Wakiongezeka wahusika, msomaji atapotea. Dawa yake ni kumfanya mhusika mkuu awe kiima cha kitenzi kikuu, na kuwataja wengine kwa uhusiano wao naye.

Sentensi ikishaandikwa, ipimwe kwa kumsomea mtu asiyeijua filamu, kisha aulizwe: nani anataka nini, na nini kinamzuia? Akijibu kwa kutaja mada, kazi haijaisha.

3.0 Tamko la Mwongozaji

Tamko huandikwa katika nafsi ya kwanza, na mara nyingi maneno 150 hadi 250 yanatosha, ingawa kila tamasha huweka kikomo chake. Mazoea ya uandishi wa kitaaluma hapa huwa kikwazo. Mwandishi hujificha nyuma ya “filamu inalenga kuelimisha jamii”, kisha huichambua kazi yake kama mtahiniwa anayejibu swali la maudhui.

Tamko linapaswa kujibu maswali mawili: mwongozaji ana uhusiano gani na hadithi hii, na uhusiano huo ulizaa uamuzi gani wa kisanaa? Swali la pili ndilo husahaulika. Kwa filamu ya Mkalimani, kifungu kinachofaa kingekuwa: “Kila kamera inapochukua nafasi ya mama, sauti ya daktari inakatika. Nilitaka mtazamaji anayesikia aitegemee mikono ya binti kama mama anavyoitegemea, na asiwe na njia ya kujua kilichoachwa.” Mteuzi anaweza kuitazama filamu na kuthibitisha maneno hayo. Hawezi kuthibitisha kwamba filamu “itabadilisha mitazamo”.

Hivyo basi, kipimo cha tamko ni kupigia mstari kila sentensi inayoweza kuonekana au kusikika kwenye filamu, pamoja na ile inayotaja jambo mahususi la maisha ya mwongozaji. Zisizopigiwa mstari zifutwe, zikiwamo shukrani, methali ya kufungulia na maelezo ya maana ya mwisho. Kuna kikomo kimoja: tamko haliwezi kuongeza kisichomo. Ikiwa sauti haikukatika kwenye filamu, sentensi hiyo nzuri itamfanya mteuzi auone upungufu haraka zaidi.

4.0 Hitimisho

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005. Urasmi huo utabaki kwenye karatasi iwapo mwanafunzi wa Kampala ataandika matini za filamu yake kwa Kiingereza kwanza, kisha atafute tafsiri. Tafsiri hubeba mpangilio wa Kiingereza na kuacha ule ufupi wa kitenzi. Makala inapendekeza kozi za Kiswahili zitahini aina hizi mbili kama matini zenye kanuni zake, na matamasha ya kanda yanayopokea Kiswahili yaweke kikomo cha maneno kilichopimwa kwa Kiswahili chenyewe. Darasa la fasihi linaweza kuendelea kuuliza dhamira ni ipi, mradi limuulize mwanafunzi kwanza ni nani anayetenda, na atapoteza nini asipotenda.