Mgongo wa Bibi Unapoinama

Bibi akianza kuinama mgongo, watu husema ni uzee. Mara nyingi, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, mifupa imepungua uimara na pingili za mgongo zimebonyea upande wa mbele, pengine bila maumivu.

Mpime ukutani, visigino na makalio vikigusa ukuta. Kisogo kisipofika, au akiwa amepungua urefu kwa sentimita 4, aende hospitali akapigwe eksirei.

Nyumbani, akae kwenye kiti kigumu, avute mabega nyuma, ahesabu hadi 5, kisha alegeze. Arudie mara 10. Ufagio mfupi naomba aachane nao, maana kuinama mbele ndiko kunakozibana pingili. Mpeni wenye mpini mrefu. Akishikwa na maumivu makali ya ghafla baada ya kuinua ndoo, msimchue: huenda pingili imevunjika.