Mwafaka wa mazao mawili

Njia ya mwafaka hupokea orodha ya masharti yanayowasha kitu, kisha hurudisha masharti yote mafupi kabisa yaliyojificha ndani ya orodha hiyo. Haihitaji jedwali la ukweli wala mchoro wa viboksi. Kazi yote hufanywa kwa matendo mawili yanayorudiwa: kukutanisha na kumeza.

Chukua pampu ya maji ya jengo la ghorofa. Herufi a ni swichi ya kuchagua: ikiwa 1 pampu inaendeshwa kwa mkono, ikiwa 0 inajiendesha yenyewe. Herufi b ni swichi ya kuwasha, nayo ni 1 ikiwa imewashwa. Boya la tangi hutoa c = 1 maji yakipungua, na d = 1 maana yake king'ora cha moto kinalia. Alama a' ni kinyume cha a. Herufi zilizoandikwa pamoja husomwa kwa "na", na kundi lake huitwa zao. Alama ya + husomwa "au". Fundi ameandika kanuni ya pampu hivi:

f = ab + a'c + b'cd

Kila zao hapa ni sharti tosha: likitimia, pampu inawaka bila kuuliza jingine. Sharti tosha huitwa la msingi ikiwa haliwezi kupunguzwa herufi hata moja likabaki kuwa tosha. Zao ab ni la msingi, kwa sababu a peke yake haiwashi pampu, wala b peke yake. Kuhusu b'cd jibu si rahisi hivyo. Aliyeliandika alifikiria hali moja tu, ya swichi kuzimwa huku moto ukiwaka na tangi likiwa tupu. Hakujiuliza kama neno "swichi imezimwa" lina kazi yoyote.

Mwafaka hupatikana kwenye mazao mawili yanayopingana kwa herufi moja tu: moja linayo wazi, jingine linayo kwa kinyume chake. Herufi hiyo huondolewa, na zinazobaki pande zote mbili huunganishwa. Kwa mfano, ab na a'c hupingana kwenye a, hivyo mwafaka wao ni bc. Hoja yake ni nyepesi: a lazima iwe 1 au 0. Ikiwa 1, b inatosha; ikiwa 0, c inatosha. Basi b na c zikiwepo pamoja, pampu itawaka vyovyote swichi ya kuchagua itakavyokaa. Tendo la pili, kumeza, ni kufuta zao lolote ambalo herufi zake zote za zao jingine zimo ndani yake pamoja na nyingine za ziada. Zao fupi ndilo linalomeza refu, kwa kuwa fupi hutimia katika hali nyingi zaidi. Wanaoanza hugeuza mwelekeo huo mara nyingi ajabu.

Sasa orodha ya pampu ifuatwe hadi mwisho. Mwafaka wa kwanza, bc, haumo katika orodha wala haumezwi na chochote, kwa hiyo unaongezwa. Kisha ab na b'cd hupingana kwenye b, na kutoa acd, nalo linaongezwa. Mazao a'c na b'cd hayapingani popote, kwa hiyo hayatoi kitu. Lakini zao jipya bc nalo lazima likutanishwe na ya zamani: likikutana na b'cd linatoa cd. Zao hilo fupi linameza b'cd na acd kwa mpigo mmoja. Kinachobaki ni ab, a'c, bc na cd. Mazao hayo yakikutanishwa tena, jozi pekee yenye upinzani ni ab na a'c, ambayo hurudisha bc iliyokwishaandikwa. Kazi imekwisha. Sharti la fundi lilikuwa na herufi ya bure: moto ukiwaka na tangi likipungua, pampu huwaka hata swichi zikae vipi.

Makosa mawili huharibu zoezi hili. La kwanza ni kukutanisha mazao yanayopingana kwa herufi mbili, kama ab' na a'b, kisha kuzifuta zote mbili. Hapo kinabaki kitu kisicho na herufi, yaani sharti linalodai kwamba kifaa huwaka daima. Jozi ya namna hiyo haina mwafaka. La pili ni kusimama baada ya mzunguko mmoja. Katika mfano wa pampu, cd ingepotea kama bc isingerudishwa ulingoni. Kila zao jipya hupimwa kwa urahisi: zipe herufi zake thamani zinazolitimiza, hapa c = 1 na d = 1, uone kama orodha ya awali inatoa 1 kwa kila hali ya herufi zilizobaki.

Kwa nini hakuna sharti la msingi linaloponyoka? Tuseme orodha imekamilika lakini lipo sharti tosha ambalo halina zao la kulimeza. Kati ya yote ya namna hiyo, lichukuliwe lenye herufi nyingi zaidi, liitwe m. Lazima m ikose herufi fulani x, kwa kuwa zao lenye herufi zote ni hali moja kamili, na hali hiyo lazima itimize zao fulani la orodha. Sasa mx na mx' ni marefu kuliko m, kwa hiyo kila moja lina zao la kulimeza, la kwanza likiwa na x na la pili likiwa na x'. Mwafaka wa hayo mawili unameza m, na orodha iliyokamilika tayari ina mwafaka huo au kilichoumeza. Hapo dhana inajivunja.

Archie Blake alieleza msingi wa njia hii katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1937, na mwanafalsafa W. V. Quine akaifikia upya mwaka 1955. Mwaka 1967 Pierre Tison alipanga kazi iende herufi kwa herufi: jozi zote zinazopingana kwenye a humalizwa, kisha b, bila kurudi nyuma. Kwenye pampu, a hutoa bc, na b hutoa acd na cd. C na d hazina kinyume chao popote, hivyo hurukwa.

Mpangilio huo hauwezi kupunguza wingi wa majibu yenyewe. Kanuni ya herufi 9 inayowaka pale ambapo herufi 3 hadi 6 ni 1 ina hali 420 za kuwaka, lakini masharti yake ya msingi ni 1,680.

Orodha ya masharti ya msingi si saketi fupi kabisa. Kuchagua ni hatua ya pili. Kwa pampu, ab + a'c + cd zinatosha, na bc inaweza kuachwa. Lakini b na c zikiwa 1 na king'ora kikiwa kimya, swichi ya kuchagua ikigeuzwa kutoka 1 kwenda 0, ab inaweza kuzimika kabla a'c haijawaka. Tokeo hudondoka kwa kitambo kidogo sana. Mota kubwa huenda isihisi, ila kihesabio kilichofungwa kwenye waya huohuo kinaweza kuandika kuwashwa ambako hakukutokea. Zao bc, lisilotazama a kabisa, hubaki 1 muda wote huo.