Koki Inayodondoka: Washa au Kiti?

Koki ya kuzungusha, ile ambayo haifungiki mpaka izungushwe mara kadhaa, huzuia maji kwa vitu viwili vinavyokutana. Kimoja ni washa, kipande cha mpira kilichofungwa kwenye ncha ya shafti inayopanda na kushuka. Kingine ni kiti, yaani ukingo wa mviringo ndani ya koki, unaozunguka tundu ambalo maji hupandia. Washa ikikandamizwa juu ya kiti, tundu huzibika. Koki iliyofungwa ikiendelea kudondosha maji mdomoni, basi ama washa ama kiti kina kasoro. Maji yanayovuja juu, shingoni mwa shafti, ni habari nyingine: hapo pakingi ndiyo iliyolegea. Nazo koki za kisasa zinazofungwa kwa robo mzunguko mara nyingi hazina washa ya aina hii kabisa.

Dalili za nje husaidia kukisia tu. Washa iliyochakaa huanza taratibu. Mwanzoni koki hukazwa kidogo zaidi ya kawaida na matone yanakoma, kisha nguvu inayohitajika inazidi wiki baada ya wiki. Kiti kilichoharibika hujitambulisha vizuri zaidi baada ya matengenezo: washa mpya inawekwa, koki inakauka kwa siku chache au haikauki kabisa, kisha matone yanarudi. Hapo watu wengi hulaumu duka kwa kuuza mpira mbovu, na washa ya tatu inanunuliwa bure.

Ushahidi wenyewe umo ndani. Maji hufungwa kwenye valvu kuu au tangini, koki inafunguliwa ili yaliyobaki yaishe, kisha kichwa chake kinafunguliwa kwa spana huku mwili wa koki ukishikiliwa kwa spana nyingine ili bomba lisipinde. Washa ya zamani isitupwe kabla ya kusomwa. Ikiwa ina mfereji wa duara wenye kina kilekile pande zote, na mpira umekuwa mgumu au umepasuka, imechakaa kwa matumizi ya kawaida na huenda kiti ni kizima. Mpira uliokatwa au kuchanika upande mmoja, hasa ukiwa bado laini, unaelekeza kwenye kiti chenye ncha kali.

Kiti hukaguliwa kwa tochi na ncha ya kidole. Ukingo mzima ni laini mfululizo. Ulioharibika hukwaruza au una kijishimo. Lakini ufa mwembamba kama unywele huponyoka kidole, na kwa huo kuna kipimo kisichodanganya kirahisi.

Tuseme koki ya brasi ya nusu inchi iliyoko uani imeanza kudondoka tena wiki mbili baada ya kuwekewa washa. Uso wa washa mpya unapakwa rangi ya mdomo, utando mwembamba tu. Kiti kinafutwa kikauke. Kichwa kinarudishwa, koki inafungwa kwa nguvu ya kawaida, kisha kinafunguliwa tena. Juu ya kiti panatakiwa pawe na duara kamili la rangi. Hapa duara limekatika upande unaotazama ukuta. Bado haijulikani kosa ni la nani, kwa hiyo washa inageuzwa nusu mzunguko kwenye kishikio chake, inapakwa upya, na jaribio linarudiwa. Pengo likihamia upande wa pili, washa ndiyo yenye kasoro. Likibaki palepale upande wa ukuta, kama katika koki hii, kosa ni la kiti.

Uharibifu huo mara nyingi huanzia kwenye washa yenyewe. Koki ikiachwa idondoke muda mrefu, maji hupenya kwa kasi katika upenyo mwembamba na kuchimba njia ndani ya brasi. Chembe za mchanga zinazokuja maji yanaporudi baada ya mgawo huongeza kasi hiyo. Kuikaza koki kwa nguvu kupita kiasi hakuzuii hali hii. Hukata mpira tu.

Washa hubadilishwa kwa nyingine ya kipimo kilekile. Kiti chenye mikwaruzo midogo husagwa kwa kifaa maalumu chenye meno, kinachozungushwa kwa mkono taratibu na kwa wima, mpaka ukingo ung'ae sawasawa. Kisha takataka zote husafishwa kwa maji kabla ya kufunga. Baadhi ya koki zina kiti kinachofunguliwa kama skrubu na kubadilishwa. Shimo lenye kina kirefu halisagiki, kwa sababu ukingo wenyewe utakwisha kabla ya shimo. Kwa koki nyepesi za bei ya chini, kiti kikishaliwa hivyo, nunua koki mpya.