Projekta Imekataa Laptopu Yako? Cheki Mahali Shida Iko

Fikiria wewe na wasee wa base hapo Umoja mmeitwa ukumbi fulani upande wa Makadara kuchapa prezentesheni. Mradi wenu ni wa kuzoa taka na kuuza plastiki, na wenye watawasikiza ndio wataamua kama kikundi kitapata mkopo au la. Mmepewa dakika kumi. Mnafika, mnapata projekta imening'inizwa juu, na kwa ukuta kuna kebo moja tu ya bluu. Laptopu yako haina shimo ya hiyo kebo. Dakika zimeanza kuhesabiwa.

Hiyo kebo ya bluu inaitwa VGA. Kichwa chake kina safu tatu za pini na skrubu mbili pembeni. Projekta kibao za kitambo kwa kumbi na mashule zinatumia hii. Laptopu za siku hizi nazo ziko na HDMI, ile shimo bapa iliyopunguka pembe za chini, ama ziko na USB-C peke yake.

Hapa ndio wasee wengi huchomeka doo. Unapanda mathree hadi tao, unaenda Luthuli, unauziwa kebo iko na HDMI upande huu na VGA upande ule. Unafika nayo ukumbini, projekta inaandika "No Signal". Sababu ni hii: HDMI inatuma picha kama namba, VGA inataka picha kama mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka. Hizo ni lugha mbili tofauti, na waya tu haiwezi kutafsiri. Lazima katikati kuwe na chipu ya kubadilisha. Kwa hivyo ambia muuzaji unataka adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA, ile kadude kafupi iko na mdomo wa HDMI na shimo ya VGA. Kisha mwambie aijaribu na skrini hapo hapo dukani kabla hujalipa.

Chunga pia mwelekeo. Adapta ya kutoka VGA kwenda HDMI inafanana na hiyo kabisa, lakini inafanya kazi ya kinyume, na ukiigeuza haikusaidii. Na kama laptopu yako ni ya USB-C, jua si kila shimo ya USB-C inatoa picha. Zingine ni za chaji na mafaili tu. Cheki kama kando yake kuna alama ya DP ama ya radi. Ukikosa alama, ijaribu na skrini yoyote kabla ya siku yenyewe.

Jambo lingine: VGA haibebi sauti hata kidogo. Kama slaidi zenu ziko na video, beba waya ya kuunganisha laptopu na spika.

Sasa uko na adapta. Ichomeke kwa laptopu, unganisha ile kebo ya bluu, kaza skrubu zote mbili. Usizipuuze hizo skrubu. VGA inapitisha nyekundu, kijani na bluu kila moja na pini yake, kwa hivyo kichwa kikilegea rangi moja inapotea. Ukiona ukuta wote umekuwa manjano, bluu haifiki. Ukiwa zambarau, ni kijani haifiki. Usianze kulaumu laptopu. Sukuma kichwa kiingie vizuri, ukaze tena. Rangi ikikataa kurudi, huenda kebo yenyewe imekatika ndani.

Kama bado ni "No Signal", chukua rimoti ya projekta ubonyeze "Source" ama "Input" hadi ifike kwa VGA, ambayo projekta zingine huiita "Computer". Kisha kwa laptopu ya Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Utaletewa machaguo manne, lakini yenye unataka ni mawili.

"Duplicate" inaonyesha ukutani kile kile kiko kwa laptopu. Ni rahisi, lakini kila kitu kinaonekana. Mesej ya WhatsApp ikiingia, "buda unanilipa lini", ukumbi wote unaisoma na wewe. Tena Windows inalazimika kutafuta saizi moja ya picha yenye skrini zote mbili zinaweza, na hapo ndio utashangaa laptopu yako imekuwa na herufi zimenona.

"Extend" inafanya ukuta kuwa skrini ya pili. Kila skrini inabaki na saizi yake, na PowerPoint inaweza kuweka slaidi ukutani huku wewe ukisoma noti zako kwa laptopu bila mtu kuziona. Kwa kikao cha kuomba doo, hii ndio fiti.

Picha imetokea, lakini imekaa vibaya. Hiyo ni shida ya saizi, na hesabu yake si ngumu. Tuseme laptopu yako ni ya 1366 kwa 768, yaani vidoti 1366 kwa upana na 768 kwa urefu. Hiyo ni skrini pana. Projekta nyingi za VGA ni 1024 kwa 768, umbo lake linakaribia mraba. Slaidi yako pana ikipigwa hapo, upana unajaa vidoti 1024, lakini urefu unafika 576 pekee. Mistari 192 inabaki nyeusi, nusu juu na nusu chini. Hiyo ni robo ya ukuta imeenda bure, na meza yenu ya bajeti imekuwa ndogo hadi msee wa nyuma haioni.

Dawa iko kwa slaidi. Kwa PowerPoint ingia "Design", kisha "Slide Size", uchague "Standard (4:3)". Ukiulizwa, bonyeza "Ensure Fit" ndio isikate kitu. Kisha pitia kila slaidi ukuze maandishi, ju sasa uko na nafasi ya juu na chini. Fanya hii usiku kabla ya kikao, si mbele ya watu.

Kama herufi zina ukungu, labda laptopu inatuma saizi yenye projekta haina, nayo inaibana ikae. Ingia "Settings", "System", "Display", bonyeza ile skrini ya pili, na kwa "Display resolution" chagua iliyoandikwa "(Recommended)". Ukipandisha sana, projekta inaweza kuwa nyeusi na kuandika "Out of Range". Usiguse kitu. Windows inangoja sekunde 15, na usipokubali inarudi yenyewe pale ilikuwa.

Kuna mtego mmoja hapo. Kama kebo ya ukumbi ni mbovu, laptopu inaweza kukosa kujua projekta ni ya aina gani, na hiyo "Recommended" inakuwa ya kubahatisha. Ndio maana ni poa upige simu ukumbini siku moja kabla, uulize mambo mawili: kebo iliyoko ni gani, na modeli ya projekta ni ipi. Ukipata modeli, tafuta mahali imeandikwa "Native resolution". Usidanganywe na "Supports 1080p", hiyo ni saizi yenye inakubali kupokea, si yenye inaonyesha.

Ukishajua hizo mbili, unatoka Umoja na adapta mfukoni na slaidi za umbo la ukuta wao. Zile dakika kumi zote zinabaki za kuongea kuhusu plastiki.