Akiba Iliyokatwa Bado ni Yako

Muuzaji wa mtandaoni akifungua dashibodi akakuta oda imerudishwa, malipo yameshikiliwa na kiasi fulani kimewekwa akiba, mara nyingi huvitoa vyote vitatu kwenye mauzo yake na kuona amefilisika. Hesabu hiyo si sahihi. Kati ya vitu hivyo, kilichokula fedha yake ni kimoja tu.

Tumchukue muuzaji aliyeko Marekani, anayeuza vyondo kwenye Amazon na kuvituma mwenyewe. Kiondo kimoja ni dola 40. Amazon inakata kamisheni ya asilimia 15, yaani dola 6, kwa hiyo anabaki na dola 34. Nauli ya kutuma tuiweke pembeni ili hesabu isitawanyike.

Tuanze na oda iliyorudishwa. Mteja kuomba kurudisha bidhaa hakuhamishi hata senti. Fedha hutoka pale anaporejeshewa malipo yake. Muuzaji anayetuma mzigo mwenyewe anatakiwa kufanya hivyo ndani ya siku chache tangu apokee bidhaa; akichelewa, Amazon inaweza kumrejeshea mteja yenyewe na kumkata yeye. Siku hiyo zinatoka dola 40. Kamisheni ya dola 6 inarudi kwa muuzaji, lakini Amazon inabakiza asilimia 20 yake kama ada ya kushughulikia marejesho, yaani dola 1.20. Kwenye taarifa ataona amepungukiwa dola 35.20, ingawa kiondo kile kilimwingizia dola 34 tu. Hakukatwa mara mbili. Hasara yake kwa upande wa Amazon ni hiyo dola 1.20, maumivu makubwa zaidi yako kwenye nauli ya kwenda, na ya kurudi kama ni yeye anayeilipa, na kwenye kiondo kilichorudi kimepinda.

Akiba ni jambo jingine kabisa. Kwenye skrini huitwa `Account Level Reserve`. Kwa kawaida, fedha ya oda inakaa humo hadi siku 7 zipite tangu mzigo umfikie mteja, ili madai yakitokea pawe na cha kulipia. Inafanana na amana ya kreti za soda dukani: haimo mfukoni mwako, lakini hujaitumia.

Linalowachanganya watu ni namna inavyoandikwa. Kila taarifa ya malipo ina mistari miwili ya akiba: ile ya kipindi kilichopita inaongezwa, na ya sasa inatolewa. Asiyejua huuona huu wa pili tu. Tuseme katika wiki mbili muuzaji wetu ameuza vyondo 20, sawa na dola 680. Kipindi kilichopita kilimwachia akiba ya vyondo 5, dola 170, na sasa inarudi. Vyondo 11 kati ya alivyouza havijatimiza siku 7 tangu vipokelewe, kwa hiyo dola 374 zinawekwa akiba. Kiondo kimoja cha zamani kimerudishwa:

```
170 + 680 - 35.20 - 374 = 440.80
```

Benki inapokea dola 440.80. Zile 374 zinaonekana kama pigo, kumbe akiba imeongezeka kwa dola 204 tu, na imeongezeka kwa sababu wiki ya mwisho biashara ilichangamka. Mauzo yakipoa, akiba hushuka na malipo yanaweza kuzidi mauzo ya kipindi hicho. Ndiyo maana mimi humshauri anayekua haraka asinunue mzigo mpya kwa kutegemea jumla ya salio. Ategemee kile kilichoandikwa kuwa kinapatikana.

Malipo yakishikiliwa, tafuta tarehe. Oda yenye tarehe ya kuachiwa inasubiri zamu yake tu. Ikichelewa kuliko nyingine, angalia kama uliweka namba halali ya kufuatilia mzigo: bila hiyo Amazon haijui mzigo umefika lini, nayo huhesabu siku 7 kuanzia tarehe ya mwisho ya makadirio, hata kama mteja ameshakipokea kiondo siku kadhaa nyuma. Kubadilisha akaunti ya benki nako husimamisha malipo kwa siku chache kwa sababu za usalama.

Pasipo na tarehe, huku pakiwa na notisi kwenye ukurasa wa afya ya akaunti, hilo si suala la akiba ya kawaida. Hapo akaunti inachunguzwa, na fedha haitatoka kwa kusubiri. Soma notisi, peleka nyaraka zilizotajwa humo, na hakikisha jina na anwani zinafanana herufi kwa herufi na zilizo kwenye akaunti.