Kizibao Ndani ya Koti: Kipi Hukaa Juu ya Kipi

Bwana harusi anaponyanyua mkono kumlisha mkewe keki, mara nyingi kamera hunasa kitu ambacho hakuna aliyekikusudia: pembetatu ndogo ya shati jeupe inachungulia kati ya kizibao na suruali, na ncha ya tai inaning'inia humo humo. Suti ni ya vipande vitatu, kitambaa ni cha bei, fundi kashalipwa chake. Kilichoharibika ni mpangilio. Suti ya namna hii ni nguo nne zilizolaliana kifuani, na kila moja ina sehemu yake ya kuonekana na sehemu yake ya kujificha.

Kizibao hicho kilizaliwa kikiwa nguo ya katikati. Oktoba 1666, mwezi mmoja baada ya moto mkubwa wa London, Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza aliwatangazia watu wa baraza lake kwamba anaanzisha vazi jipya na kwamba hatalibadilisha. Samuel Pepys aliiandika habari hiyo katika shajara yake, na katikati ya mwezi ule ule mfalme alionekana amelivaa. Lilikuwa refu, likikaribia magoti, nalo lilivaliwa chini ya koti. Katika karne iliyofuata lilizidi kufupishwa, hadi likaishia kiunoni. Kizibao cha pwani ya Afrika Mashariki, kile chenye tarizi, hukaa juu ya kanzu na huonekana chote. Cha suti kimebanwa kati ya shati na koti, kwa hiyo kinachoonekana ni kile tu ambacho koti limekiacha wazi.

Mpangilio huanzia shingoni. Tai huzunguka shingo chini ya mkunjo wa ukosi wa shati, na fundo lake hujaa katikati, pale pande mbili za ukosi zinapokutana. Ncha za ukosi hulala juu ya kifua, kisha zinaingia chini ya kizibao, au angalau chini ya koti. Ncha ikitokeza juu ya ukingo wa kizibao, basi ama ukosi ni mfupi mno, ama kizibao kimekatwa shingo pana kupita kiasi. Wengi huirudisha kwa kidole, na dakika tano baadaye imetoka tena. Dawa yake ni shati lenye ukosi mrefu zaidi au uliotanuka pembeni, ambao ncha zake zinaufikia ukingo wa kizibao na kubaki chini yake.

Mgongoni utaratibu ni ule ule, ila hapa ukosi wa shati ndio unaopanda juu kuliko wote. Kwa kawaida huachwa uonekane sentimita moja hivi, au moja na nusu, juu ya kola ya koti. Kizibao kipo hapo pia, lakini hakitakiwi kuonekana hata kidogo. Ukimtazama mtu kwa nyuma ukaona mistari mitatu shingoni, yaani shati, kizibao na koti, ujue shingo ya kizibao imekatwa juu mno au koti linarudi nyuma na kuachana na shingo.

Sasa vifungo. Katika nguo za kiume, upande wa kushoto wa mvaaji ndio unaolala juu, nao ndio wenye matundu. Vifungo vimeshonwa upande wa kulia. Kwa anayemtazama mvaaji uso kwa uso, ukingo wa nguo unaishia kidogo kushoto kwa safu ya vifungo. Neno "kidogo" hapo lina uzito. Vifungo vya kizibao cha safu moja hukaa kwenye mstari wa katikati ya mwili, chini ya fundo la tai, na kitambaa huendelea kama sentimita moja na nusu au mbili kupita mstari huo. Mchoraji anayeweka vifungo kwenye ukingo wenyewe huchora kizibao kisichoweza kufungika: tundu lingekosa kitambaa cha kulizunguka. Anayeuchora ukingo katikati ya mwili na vifungo pembeni anafanya kosa la pili, kwa sababu hapo kifua chote huonekana kimepinda upande mmoja.

Jambo hili dogo liliwahi kusaidia kusahihisha historia. Picha maarufu kuliko zote ya jambazi wa Kimarekani Billy the Kid ilipigwa Fort Sumner, New Mexico, karibu na mwaka 1880, kwenye bamba la chuma. Bastola inaonekana kwenye nyonga yake ya kushoto, na kwa miaka mingi watu waliamini kwamba alikuwa mtu wa shoto. Filamu ya mwaka 1958, Paul Newman akiwa mwigizaji mkuu, ilimwonyesha hivyo hivyo. Lakini picha za bamba la chuma hutoka zimegeuzwa kama kwenye kioo. Ushahidi umo ndani ya picha yenyewe. Vifungo vya kizibao chake viko upande usio wa kiume, na bunduki yake ya Winchester ya muundo wa 1873 inaonyesha mlango wa kuingizia risasi upande wa kushoto, ilhali bunduki hizo zilikuwa na mlango huo kulia tu. Ukiigeuza picha, vifungo vinarudi mahali pake na bastola inahamia nyonga ya kulia. Mtu anayetazama picha ya suti ya kiume na kuhisi kuna kitu hakijakaa sawa anaweza kuanza hapo hapo: aangalie ni upande gani umelalia mwenzake.

Idadi ya vifungo nayo ina hesabu yake. Chukua kizibao cha vifungo sita, ambacho ni cha kawaida sana, na koti la vifungo viwili. Kitovu kiwe alama ya kupimia. Kifungo cha juu cha koti, ambacho ndicho pekee kinachofungwa, kipo sentimita mbili juu ya kitovu. Vifungo vya kizibao vimepishana sentimita tano, na cha kwanza kipo sentimita 16 juu ya kitovu. Kwa hiyo cha pili kipo sentimita 11 juu, na cha tatu sita. Hivyo vitatu vinaonekana ndani ya uwazi wa koti, ingawa cha tatu kimekaribia kumezwa, maana uwazi unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyoshuka. Cha nne, kilicho sentimita moja tu juu ya kitovu, tayari kimefichwa na koti. Cha tano kipo sentimita nne chini ya kitovu, na cha sita tisa chini.

Cha sita hakifungwi. Kuna masimulizi mengi kwamba Mfalme Edward wa Saba alikiacha wazi kwa sababu ya kitambi na watu wake wakamwiga. Vyovyote vile, leo kizibao hukatwa kwa kuzingatia desturi hiyo: kuanzia kifungo cha tano ukingo huanza kuachana, kushoto na kulia, na kutengeneza ncha mbili. Anayekifunga kifungo cha sita kwa nguvu ataona mara moja mikunjo inavutana tumboni, kwa kuwa kitambaa cha kufika pale hakikuwekwa.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoieleza ile pembetatu ya shati kwenye picha ya harusi. Kizibao hiki kimefungwa hadi sentimita nne chini ya kitovu. Suruali ya mtindo wa zamani, inayoanzia kitovuni, ina mkanda wa kitambaa wenye upana wa sentimita nne au zaidi, hivyo ukingo unapoanza kuachana, nyuma yake pana suruali. Suruali za siku hizi huvaliwa kwenye nyonga, na nyingi huanzia sentimita saba au nane chini ya kitovu. Kati ya kifungo cha tano na suruali kama hiyo pamebaki sentimita tatu au nne ambazo hazina cha kuzifunika isipokuwa shati, tena hapo mvaaji amesimama wima na hajanyanyua mkono. Fundi hawezi kuliziba pengo hilo kwa kushusha upindo, kwa sababu ncha za kizibao na mifuko yake vimeshakatwa kwa urefu ule. Kinachowezekana ni kupandisha suruali, na ndiyo maana kizibao na suspenda ni marafiki wa siku nyingi. Suspenda huishikilia suruali juu hata mtu akicheza muziki, na huondoa bizimu la mkanda wa ngozi, ambalo chini ya kizibao huleta kivimbe cha ajabu. Mteja mwenye busara humwendea fundi akiwa amevaa ile ile suruali atakayoivaa siku yenyewe.

Juu ya yote hayo linakuja koti, na hapa penye utata zaidi ni mikunjo ya kifuani, yale mabawa mawili yanayoteremka kutoka kwenye kola. Si vipande vilivyobandikwa juu ya koti; ni ukingo wa koti wenyewe uliogeuzwa nje. Mkunjo huanza shingoni na hufa kwenye kifungo kinachofungwa. Ukiona mkunjo umeendelea chini ya kifungo kilichofungwa, au umeishia juu yake ukaacha ukingo ulionyooka, koti hilo limepigwa pasi vibaya au limechorwa na mtu asiyelijua. Koti likifungwa, mkunjo wa kushoto wa mvaaji ndio unaopita juu pale chini, penye kifungo. Huko juu kifuani mikunjo miwili haigusani: kati yake pana shati, tai na kizibao.

Kizibao nacho kinaweza kuwa na mikunjo yake. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwani sasa kola ni tatu. Kanuni ni kwamba mkunjo wa kizibao huingia chini ya mkunjo wa koti na huonekana ukanda mwembamba tu. Ukiwa mpana kama wa koti, vyote viwili hugombania nafasi. Kizibao cha safu mbili huzidisha ugumu, maana upande wa kushoto husogea mbali kupita katikati na safu mbili za vifungo hukaa sawa kushoto na kulia. Safu moja tu ndiyo inayofunga, ile iliyo kushoto kwa mtazamaji, karibu na ukingo. Nyingine imeshonwa kwa ajili ya ulinganifu. Kizibao cha namna hii kinapendeza chini ya koti la safu moja. Chini ya koti la safu mbili kinafichwa karibu chote na kubakiza unene wa kitambaa, jambo ambalo katika joto la Dar es Salaam au Mombasa ni adhabu.

Mvaaji anapoketi, koti hufunguliwa ili lisivutwe kifungoni, na pande zake huangukia kando. Kizibao kinabaki kimefungwa. Sasa vifungo vyote vitano vinaonekana kwa mstari mmoja, cha sita kikiwa huru, na ncha mbili zinalala mapajani. Ikiwa bizimu dogo la mgongoni halikukazwa, kifua cha kizibao huvimba mbele na kuitoa ncha ya ukosi wa shati nje. Kulikaza ni kazi ya nusu dakika, lakini ifanywe kabla koti halijavaliwa.