Matone Matatu Kwenye Kanzu

Ngano za mume au mke mnyama avuaye ngozi husimuliwa karibu kila pembe ya dunia, nazo hufanana katika jambo moja: ndoa huwekewa sharti, na sharti huvunjwa. Tutazame ngano moja ya Norwei, iliyokusanywa na Asbjørnsen na Moe katika karne ya 19.

Dubu mweupe alimposa binti wa maskini, akaahidi kuitajirisha jamaa yake. Mchana mume huyo alikuwa dubu. Usiku, gizani, alivua umbo la mnyama akalala kama mwanamume, na alfajiri haijapambazuka hujiondokea. Binti hakupata kumwona uso. Alipoomba kwenda kuwazuru wazazi wake, dubu alimridhia kwa ahadi moja: asikubali kuzungumza faraghani na mama yake.

Alikubali, na huko akaivunja ahadi. Mama aliingiwa na hofu kuwa mwanawe analala na zimwi, akampa kipande cha mshumaa. Usiku binti aliuwasha, akamwona kijana mzuri ajabu. Alipoinama kumbusu, matone matatu ya mafuta yalidondoka kwenye kanzu yake, naye akazinduka. Akasema kuwa mama wa kambo ndiye aliyemroga, na lau mkewe angalistahimili mwaka huo mmoja, angalikuwa huru. Sasa hana budi kwenda kasri iliyo mashariki ya jua na magharibi ya mwezi, akamwoe binti wa kizimwi.

Hapa ndipo gharama inapoonekana. Mke hakupewa adhabu ya kufa, bali ya kutafuta: alikwenda mguu kwa mguu, kisha akabebwa na pepo za pande zote nne. Kasrini alitoa tunda la dhahabu, chanuo la kuchambulia sufi na gurudumu la kusokotea, akanunua usiku mitatu kando ya mumewe. Siku mbili za kwanza mume alikuwa amenyweshwa dawa ya usingizi, asisikie kilio chake. Ya tatu akaimwaga.

Ndipo mume akatangaza kuwa atamwoa atakayeweza kuitakasa kanzu. Mazimwi walifua, madoa yakazidi weusi. Mkewe alipoichovya majini, ikawa nyeupe pepe. Doa lililomfichua ndilo lililomrudishia haki yake.

Lakini si kila ngano hurudisha kilichopotea. Katika visa vya Skotilandi na Ailandi vya mke sili, mvuvi huiba ngozi yake pwani na kuificha ili amwoe. Akiipata ngozi, mke hurejea baharini, na kwa kawaida harudi. Wanawe hubaki wakiutazama ufuo. Tofauti i wazi: ndoa iliyoanza kwa ridhaa huvunjika kwa udhaifu, nayo yaweza kutafutwa tena, iliyoanza kwa wizi haikuwa na ahadi ya kurejea.